“Nimeshafuta kila kitu”: pale kamera inapobaki kwa mwenyewe wa zamani

Ukihama nyumba unajua cha kufanya na funguo. Unazirudisha kwa mwenye nyumba, na kama wewe ni mpangaji mpya mwenye wasiwasi, unabadilisha kitasa. Sasa niambie, msomaji: mpangaji aliyekutangulia akiacha plagi za smati, balbu za smati na kamera ya waifai, funguo zake ni zipi, na utajuaje kuwa kazirudisha?

Swali hili lilinikuta Msamala, hapa Songea, nikiwa nyumbani kwa likizo. Mama mmoja jirani yetu anapangisha nyumba ya vyumba vitatu. Mpangaji wake wa zamani, kijana mtumishi, alipata uhamisho kwenda Mbinga. Kodi ya mwezi wa mwisho hakuwa nayo yote, wakakubaliana aache vifaa vyake: plagi mbili, balbu tatu na kamera moja iliyofungwa barazani ikitazama uwanja. Akamhakikishia mama, “Nimeshafuta kila kitu.” Alisema kweli kwa jinsi alivyoelewa. Alikuwa ameifuta aplikesheni kwenye simu yake.

Aliyepanga baada yake ni dada mmoja mwenye watoto wawili. Ruta ni ya mama mwenye nyumba na haikubadilishwa, wala nenosiri lake. Kwa hiyo vifaa vyote sita viliendelea kufanya kazi kama kawaida kwa wiki tatu, na dada akadhani bado havijaanza kutumika kwa kuwa yeye hajaviunganisha na simu yake. Alipotaka kuviunganisha ndipo mama akaniita. “Mwanangu, wewe si unasoma mambo hayo? Njoo umsaidie mwenzio.”

Tulianza na plagi. Bonyeza kitufe, shikilia, taa ikapepesa haraka, dada akaiona kwenye simu yake, akaiongeza. Ya pili tukaiacha kwanza. Tukaenda kwenye kamera: sindano kwenye tundu dogo, shikilia, kamera ikatoa sauti kwamba imerudishwa hali ya kiwandani. Tukaionyesha msimbo wa QR, ikausoma, na mwishoni simu ikagoma: kifaa hiki kimeshasajiliwa kwenye akaunti ya mtu mwingine. Tukarudia mara tatu. Majibu yale yale.

Nikampigia yule kijana. Akapakua upya aplikesheni, akaingia kwa namba yake ile ile, kisha akanyamaza kidogo. “Kaka,” akasema, “hata sasa naona plagi ya jikoni imewashwa.” Akaendelea kushuka kwenye skrini. Kamera ilionekana iko nje ya mtandao, maana tulikuwa tumetoka kuiriseti. Lakini kwenye orodha ya taarifa zake kulikuwa na picha za wiki tatu, kila moja ikiwa na saa yake: watoto wakitoka asubuhi, dada akianika nguo, wageni wakipiga hodi. Hakuwa ameziomba. Kamera ilikuwa inaona mtu akipita, inapiga picha na kuipeleka kwenye seva, na seva inaiweka kwenye akaunti yake, ambayo kufuta aplikesheni hakukuigusa hata kidogo.

Dada hakusema kitu. Alinyanyuka akaenda kuigeuza kamera itazame ukuta.

Sitamlaumu kijana, na chapa ya vifaa vile siitaji kwa sababu kosa hili si la chapa moja. Lawama yangu ni kwa namna vifaa hivi vinavyotengenezwa na kuelezwa, hasa maneno mawili: “kuondoa” na “kuriseti”. Yamebebeshwa maana nyingi mno, na anayeumia ni mtu ambaye hakuambiwa tofauti yake.

Tuanze na ukweli wa ndani ya kifaa. Umiliki wa plagi ya smati umeandikwa sehemu tatu. Ya kwanza ni simu yako, ambako aplikesheni ina orodha tu ya kuonyesha. Ya pili ni seva ya kampuni, yenye rekodi isemayo kwamba kifaa chenye utambulisho huu ni cha akaunti hii. Ya tatu ni chipu ya kumbukumbu ndani ya plagi yenyewe, ambayo huhifadhi jina la waifai yako, nenosiri lake, na funguo za siri za kuzungumza na seva. Ukifuta aplikesheni umegusa ya kwanza. Ukibonyeza kitufe kwenye kifaa umegusa ya tatu. Ya pili, ambayo ndiyo hati ya umiliki hasa, inaguswa kwa uhakika pale unapomwondoa kifaa ukiwa ndani ya akaunti iliyokisajili.

Sasa angalia vitufe vyenyewe. Chukua Smart Life ya kampuni ya Tuya, ambayo vifaa vingi vya bei nafuu visivyo na jina kubwa huitumia. Unafungua kifaa, unagusa alama ya kalamu juu kulia, unashuka hadi `Remove Device`. Hapo unapewa njia mbili: `Disconnect` na `Disconnect and wipe data`. Ya kwanza inakitenganisha kifaa na akaunti, lakini kumbukumbu zake zinabaki kwenye seva, ili ukikiunganisha tena uzikute. Ya pili inafuta na kumbukumbu hizo. Kwa mtu anayehama au kuuza, jibu sahihi ni la pili tu. Lakini yote mawili yamekaa pamoja kama ndugu, na la kwanza ndilo fupi na rahisi kuguswa kwa haraka. Mimi ningeuliza swali moja tu hapo: “Je, kifaa hiki kinakwenda kwa mtu mwingine?” Basi.

Kuna jambo jingine linalotuhusu sana sisi wa bando. Kifaa kikiwa mtandaoni wakati unakiondoa, seva hukitumia ujumbe, nacho hujifuta na kurudi kwenye hali ya kuunganishwa upya. Lakini kama bando la ruta limeisha na wewe unatumia data ya simu, seva itaandika kwamba umekiondoa huku kifaa hakijasikia lolote. Nenosiri la waifai yako bado limo ndani yake. Kwa hiyo kwanza hakikisha kifaa kina umeme na ruta ina intaneti, kondoa ndani ya aplikesheni, halafu ndipo uende kwenye kitufe. Watu wengi wanafanya kinyume: wanachomoa, wanapakia kwenye boksi, na wakifika wanakokwenda ndipo wanakumbuka simu.

Nirudi kwa kamera iliyogoma. Ule ugomvi haukuwa hitilafu. Tuya huwaruhusu watengenezaji kuchagua jinsi kifaa kinavyofungwa kwenye akaunti. Kwenye ufungaji legevu, yeyote anayekishika kifaa na kukiriseti anaweza kukichukua kiwe chake, na plagi nyingi ziko hivyo. Kwenye ufungaji mkali, kitufe hakitoshi, ni lazima mwenyewe wa kwanza akiachie kutoka kwenye akaunti yake. Kamera mara nyingi ziko huku. Naunga mkono sababu yake: mwizi akiiba kamera yako isimfae. Ninachopinga ni kamera kutoa sauti ya furaha kwamba imerudi hali ya kiwandani wakati si kweli. Kiwandani haikuwa na mwenyewe. Hapa ina mwenyewe aliyeko Mbinga.

Kwa kijana ilikuwa kazi ya dakika mbili. Alikiondoa kifaa kimoja kimoja kwa ile njia ya kufuta na data, tukairiseti kamera tena, ikakubali akaunti ya dada mara ya kwanza. Lakini hebu fikiria angekuwa amebadilisha namba ya simu na kusahau nenosiri, au kamera imenunuliwa sokoni kwa mtu usiyemjua. Hapo unabaki na boksi lenye lenzi. Ukinunua kamera ya mtumba, basi, usilipe kabla hujaiunganisha na akaunti yako pale pale, muuzaji akiwa mbele yako na simu yake mkononi.

Halafu tukakumbuka memori kadi. Kuriseti kunagusa chipu ya ndani, kadi ni kitu kingine kabisa. Tulipofungua rekodi kwenye simu ya dada, kamera ilikuwa inasoma video za siku nyingi zilizopita, na aliyekuwa anatembea uwanjani usiku kwa pensi ni yule kijana mwenyewe. Mambo yakawa yamegeuka! Dada alicheka kwa mara ya kwanza siku ile, akaichomoa kadi na kumwekea kwenye bahasha. Ujue pia kwamba kuifomati kadi ndani ya aplikesheni kwa kawaida hufuta orodha ya mafaili tu, na programu za kurejesha mafaili zinaweza kuyaokoa mengi. Ukiuza kamera, baki na kadi yako.

Balbu nazo zina kisa chao, na hapa ndipo ninapokasirika kama mkazi wa Songea. Balbu haina kitufe. Watengenezaji wakaamua kwamba kitufe kiwe swichi ya ukutani: washa na uzime mara kadhaa haraka haraka, balbu ijue unataka kuiriseti. Ndani yake kuna kaujanja kadogo. Kila ikipata umeme, balbu huongeza moja kwenye kihesabio kilichomo kwenye chipu ya kumbukumbu. Ikikaa imewaka kwa sekunde chache, inakirudisha kihesabio kwenye sifuri. Umeme ukikatika kabla ya hapo, hesabu inabaki, na ukirudi inaongezeka. Ikifika idadi iliyopangwa, balbu inajifuta.

Unaona tatizo? Balbu haiwezi kutofautisha kidole chako na umeme unaokonyeza wakati wa mvua. Songea iliunganishwa na gridi ya taifa mwaka 2018 kwa laini ya kilovolti 220 kutoka Makambako, na tofauti na enzi za majenereta ni kubwa. Hata hivyo radi za masika ni radi za masika. Umeme ukikatika na kurudi mara tatu ndani ya dakika, asubuhi unakuta balbu inapepesa ikiomba kuunganishwa, na mtu yeyote aliye karibu mwenye aplikesheni anaweza kuichukua kabla yako. Yaani njia ile ile ni ngumu mno kwa anayetaka kuriseti na rahisi mno kwa asiyetaka.

Kwamba ni ngumu, waulize walioangalia video ya maelekezo ya balbu za GE iliyosambaa Juni 2019: sekunde 8 imewaka, sekunde 2 imezimwa, tena na tena, mtangazaji akihesabu kwa utulivu kabisa. Watu walidhani ni kichekesho. Yalikuwa maelekezo rasmi.

Idadi nayo haifanani. Balbu za Kasa za TP-Link ukizizima na kuziwasha mara 3 zinasahau waifai lakini zinatunza mipangilio, na mara 5 zinafuta vyote. Plagi za Tapo, za kampuni hiyo hiyo, unashikilia kitufe sekunde 5 na taa inapepesa rangi ya chungwa na bluu, hiyo ni riseti ndogo. Ukishikilia sekunde 10 inapepesa chungwa tupu kwa haraka, hiyo ndiyo ya kiwandani. Kitufe kimoja, maana mbili, na tofauti yake ni sekunde 5 na rangi ya kataa kadogo. Mtu akiona taa inapepesa anaachia kidole, anaridhika, na kamaliza nusu ya kazi. Kwa hiyo usihesabu sekunde kichwani. Angalia taa na maelekezo ya modeli yako, na uachie pale tu alama ya riseti kamili inapotokea.

Inawezekana kufanya vizuri zaidi. Tasmota, programu huria ambayo wapenzi wa umeme huiweka kwenye plagi na balbu badala ya ile ya kampuni, nayo ina riseti ya kuzima na kuwasha, lakini inakupa ruhusa ya kuikataa kwa amri moja:

```
SetOption65 1
```

Ukiiandika hiyo, kukatika kwa umeme hakutakufutia tena mipangilio. Sioni sababu ya kampuni kubwa kushindwa kuweka swichi hiyo ndani ya aplikesheni.

Labda unasema haya ni ya kwetu kwa sababu tunanunua vya bei nafuu. Hapana. Kamera ya Nest Cam Indoor ya Google haina kitufe cha kuriseti kabisa: kuiondoa kwenye akaunti ndiyo riseti yake. Juni 2019 ikagundulika kwamba mtu aliyeuza kamera hiyo, baada ya kuiondoa kama alivyoelekezwa, bado aliweza kuona picha za nyumba ya mnunuzi. Njia ilikuwa Wink, huduma nyingine ya nyumba za smati aliyokuwa ameiunganisha na kamera zamani. Rekodi ya umiliki ilikuwa imefutwa mlango wa mbele, ruhusa ya Wink ikabaki mlango wa nyuma. Google walirekebisha. Somo kwako ni la kivitendo: kama uliunganisha vifaa na Alexa au Google Home, au ulimpa ndugu ruhusa ya kuona kamera, kaondoe na huko.

Na hata kitufe kikifanya kazi yake yote, chipu ina tabia zake. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Northeastern, Marekani, Dennis Giese na Guevara Noubir, walichapisha uchunguzi wa spika 86 za Echo Dot zilizotumika. Asilimia 61 zilikuwa hazijarisetiwa kabisa. Kubwa zaidi, hata kwenye kifaa kilichorisetiwa iliwezekana kuchimba nenosiri la waifai na siri nyingine za mwenyewe wa zamani. Sababu ni kwamba chipu za aina hii huchakaa kila zinapoandikwa, kwa hiyo kidhibiti chake hueneza maandishi sehemu tofauti tofauti. Ukiambiwa “imefutwa”, mara nyingi kipande cha zamani kimewekewa alama tu kwamba hakitumiki, na kitakaa hivyo hadi nafasi yake ihitajike. Kwenye balbu mambo yanaweza kuwa rahisi zaidi: Januari 2019 mtafiti anayejiita LimitedResults alikata balbu ya LIFX Mini White, akasoma chipu yake, na kukuta nenosiri la waifai limeandikwa wazi bila kufichwa.

Mtu wa kufanya hivyo kwa balbu yako ya zamani hapa mtaani pengine hayupo. Lakini dawa yake ni nyepesi: kifaa kikitoka nyumbani, au mtu akihama, badilisha nenosiri la ruta. Siri iliyobaki kwenye chipu inakuwa ufunguo wa mlango usiokuwepo.

Ndivyo tulivyomalizia kwa mama. Aligoma kwanza, maana nenosiri lilikuwa tarehe ya kuzaliwa mjukuu wake. Tulipobadilisha, tukachomoa vifaa vyote, tukasubiri kidogo, tukavichomeka tena na kufungua ukurasa wa ruta unaoonyesha vilivyounganishwa. Hicho ndicho kipimo ninachokiamini kuliko taa yoyote. Simu ya dada ilikuwepo, kamera ilikuwepo, plagi ya kwanza na balbu mbili zilikuwepo, kwa kuwa tulikuwa tumeziunganisha upya kwa mikono yetu. Ya pili na balbu ya chooni hazikuonekana, zikawa zinapepesa zikisubiri.

“Hizo ziacheni tu,” mama akasema. “Chooni tutawasha kwa swichi.”